Karatasi ya Mezani: Kupima Ukolezi wa Asidi ya Hidrokloriki kwa Sodiamu Kaboneti

Kwa wanafunzi wa stashahada, mwaka wa kwanza. Maabara ya kemia, Alhamisi, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Fanyeni kazi wawili wawili.

Karatasi hii imetokana na mhadhara wa Jumatatu. Nadharia ya pH na historia ya viashiria nimeviacha katika daftari lenu. Hapa yamebaki yale tu ambayo mkono unayahitaji ukiwa mezani, pamoja na sababu pale ambapo kutoijua kunaharibu kazi.

Lengo na mmenyuko

Chupa ya asidi mtakayopewa imeandikwa "HCl, takriban 0.1 M". Kazi yenu ni kuondoa hilo neno "takriban", kwa kutumia sodiamu kaboneti isiyo na maji, ambayo hupimika kwa mizani na ukolezi wake hujulikana kwa uhakika.

Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2

Moli moja ya kaboneti huhitaji moli mbili za asidi. Anayesahau hiyo mbili hupata jibu ambalo ni nusu ya lile sahihi, na hesabu nyingine zote zinaweza kuwa nzuri kabisa.

Kabla ya kugusa chochote

Vaeni koti la maabara, miwani ya kinga na viatu vilivyofunika vidole, na aliye na nywele ndefu azifunge. Asidi ya 0.1 M haitakuunguza vibaya ikigusa ngozi, lakini jichoni ni jambo jingine. Ikiingia, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatisha, huku mwenzako akimwita msimamizi. Unga wa kaboneti nao huwasha macho, na methili oranji ni sumu ikimezwa. Hakuna kula wala kunywa ndani ya maabara, na pipeti haivutwi kwa mdomo hata mara moja, hata kama kilichomo ni maji. Asidi kali ya stoo, yenye takriban 12 M, haitakuwa mezani kwenu, kwani fundi wa maabara ameshaipunguza makali kwa kuimimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.

Vifaa kwa kila jozi

Bureti ya 50 cm³ na stendi yake, pipeti ya 25 cm³ na puto lake la mpira, flaski ya ujazo ya 250 cm³, flaski tatu za koni, bika mbili, faneli ndogo, kigae cheupe, chupa ya maji yaliyokenekwa, methili oranji, asidi 150 cm³ na sodiamu kaboneti isiyo na maji iliyokaushwa na kufunikwa.

Hatua ya 1. Kuandaa mmumunyo wa kaboneti

Pima kati ya 1.30 g na 1.35 g za kaboneti ndani ya bika kavu, kisha andika uzito halisi unaosomeka. Usipoteze muda kutafuta 1.325 g kamili, kwa kuwa kinachotakiwa ni kuujua uzito, si kuufikia. Funika chombo cha kaboneti mara moja, maana unga huu hunyonya unyevu wa hewa.

Yeyusha kwa takriban 100 cm³ za maji yaliyokenekwa yenye uvuguvugu, ukikoroga mpaka usione punje. Acha upoe hadi joto la chumba, kwa sababu ukijaza hadi alama wakati mmumunyo ungali na moto, utasinywaa baadaye na ujazo hautakuwa tena 250 cm³. Uhamishe kwa faneli, suuza bika na faneli mara tatu na kuyamimina maji hayo ya kusuuzia ndani ya flaski, halafu ongeza maji hadi sehemu ya chini ya mpindo wa kimiminika iguse alama. Ziba na kupindua flaski mara kumi na tano hivi. Wengi hupindua mara mbili na kuendelea, kisha hushangaa majibu yao yanapotofautiana.

Hatua ya 2. Kusuuza

Bureti husuuzwa kwa asidi, pipeti kwa mmumunyo wa kaboneti, na flaski za koni kwa maji yaliyokenekwa peke yake. Ukisuuza flaski ya koni kwa kaboneti, utakuwa umeongeza moli ambazo hukuzipima. Maji yanayobaki humo hayabadilishi idadi ya moli.

Hatua ya 3. Kujaza bureti

Jaza bureti ikiwa chini ya usawa wa macho yako, si kwa kuinua asidi juu ya uso. Fungua bomba kidogo ili hewa iliyonaswa kwenye ncha itoke, kisha ondoa faneli, kwa kuwa tone linaloning'inia humo likidondoka katikati ya kazi litaharibu usomaji. Soma ukiwa umeweka jicho sawa na mpindo, hadi 0.05 cm³ iliyo karibu.

Hatua ya 4. Taitresheni

Hamisha 25.0 cm³ za kaboneti kwenye flaski ya koni. Gusisha ncha ya pipeti ukutani mwa flaski na kuacha imwagike yenyewe. Kiasi kidogo kinachobaki kwenye ncha kimeshahesabiwa na mtengenezaji, hivyo usikipulize. Ongeza matone mawili ya methili oranji. Rangi itakuwa njano.

Taitresheni ya kwanza ni ya kukadiria, ifanye haraka. Katika zinazofuata, mimina asidi upesi hadi ubakize takriban 2 cm³ kufikia makadirio, kisha endelea tone kwa tone huku ukizungusha flaski juu ya kigae cheupe na ukisuuza kuta zake kwa maji kidogo. Kikomo ni pale tone moja linapogeuza njano kuwa rangi ya chungwa isiyopotea. Ukiona wekundu wa waridi, umepita. Rudia mpaka upate majibu matatu yasiyotofautiana kwa zaidi ya 0.10 cm³.

Msitumie fenolfthalini hata kama chupa yake iko jirani. Hupoteza rangi karibu na pH 8.3, kaboneti ikiwa imefika tu kwenye haidrojenikaboneti, yaani nusu ya safari, na usomaji wenu utakuwa karibu na 12.3 cm³.

Matokeo yanayotarajiwa

Haya ni matokeo ya jaribio la maandalizi, kwa uzito wa 1.33 g:

| | Kadirio | 1 | 2 | 3 |
|---|---|---|---|---|
| Mwisho (cm³) | 25.10 | 24.60 | 25.15 | 24.55 |
| Mwanzo (cm³) | 0.00 | 0.00 | 0.50 | 0.00 |
| Iliyotumika (cm³) | 25.10 | 24.60 | 24.65 | 24.55 |

Wastani, bila kadirio, ni 24.60 cm³.

```
Moli za Na2CO3 katika 250 cm³ = 1.33 / 106 = 0.01255
Moli katika 25.0 cm³          = 0.001255
Moli za HCl                   = 2 × 0.001255 = 0.002510
Ukolezi wa HCl                = 0.002510 / 0.02460 = 0.102 M
```

Kwa asidi ya chupa hiyohiyo, jibu lolote kati ya 0.100 M na 0.104 M linakubalika. Msiandike 0.10203 M, kwani mizani yetu husoma hadi 0.01 g, na kosa la kiasi hicho peke yake ni karibu asilimia 0.75 ya uzito mliopima.

Mkipata karibu 9 cm³, angalieni lebo ya chombo mlichochotea: huenda ni magadi ya kufulia yenye fuwele, Na2CO3·10H2O, ambayo moli yake ina uzito wa 286 g badala ya 106 g. Usomaji unaopanda kila unaporudia, kwa upande mwingine, kwa kawaida huelekeza kwenye flaski ya ujazo isiyochanganywa vizuri.

Kumaliza

Mabaki yote ya leo yanaweza kumwagwa kwenye sinki pamoja na maji mengi. Suuzeni bureti kwa maji na kuiacha imegeuzwa kichwa chini bomba likiwa wazi. Kila jozi ikabidhi jedwali lake kwa wino, likiwa na usomaji uliokosewa uliokatwa kwa mstari mmoja bila kufutwa, kabla ya saa tano.