Orodha ya Kukagua Ombi Kabla Halijatoka Kikundini

Inatumika kwa kila ombi la kikundi chetu cha ushonaji: mkopo wa halmashauri, barua ya utambulisho, bei za vitambaa, hata ujumbe mfupi kwa fundi cherehani. Mwandishi apitie mwenyewe, kisha ampe mwenzake ambaye hakushiriki kuandika. Huyo wa pili ndiye huona pengo.

Tunachoomba

☐ Kimetajwa mwanzoni, mara baada ya salamu.

☐ Kina kipimo. Badala ya "vitambaa vya kutosha", andika "mita 60 za poplini ya bluu, upana wa inchi 60".

☐ Fedha zimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na vyote viwili vinalingana: Sh. 4,500,000 (shilingi milioni nne na laki tano).

☐ Sababu ipo, kwa sentensi mbili au tatu.

☐ Tarehe tunayohitaji jibu imetajwa, pamoja na kitakachokwama likichelewa. "Mapema iwezekanavyo" haimsaidii mtu anayepanga kazi zake.

☐ Msomaji anajua afanye nini: asaini, alipe, atume bei, au atupangie siku ya kuonana.

Anayepelekewa

☐ Cheo na ofisi ni sahihi. Barua ya kwenda kwa Mkurugenzi inapitia kwa Mtendaji wa Mtaa na Mtendaji wa Kata. Njia hiyo ionekane kwenye anwani, na mihuri yao iwepo.

Viambatisho

Hapa tusiharakishe. Ombi zuri lenye karatasi moja pungufu hurudishwa lote.

☐ Kila kilichotajwa kwenye barua kimo ndani ya bahasha. Hesabu kwa mkono, usitegemee kumbukumbu.

☐ Kwa mkopo: cheti cha usajili, katiba, andiko la mradi, muhtasari wa kikao kilichoridhia kukopa wenye saini za waliohudhuria, na orodha ya wanachama.

☐ Ombi la mkopo linataja fungu letu. Katika ile asilimia 10 ya halmashauri, wanawake wana 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2.

☐ Majina yanafanana kila mahali, herufi kwa herufi. Mwanachama akiwa Asha kwenye kitambulisho na Aisha benki, tulimalize hilo kwanza.

☐ Namba ya NIDA ina tarakimu 20, TIN ina 9.

☐ Jumla ya bajeti ndani ya andiko ndiyo ile ile iliyo kwenye barua.

☐ Picha zilizopigwa kwa simu zinasomeka, kingo zote zinaonekana.

Kabla ya kutoka mlangoni

☐ Tarehe, kumbukumbu namba, saini ya mwenyekiti na ya katibu, muhuri.

☐ Namba ya simu iliyoandikwa inapatikana. Ipigie sasa hivi.

☐ Nakala imebaki kwenye jalada, na nakala ya pili imechukuliwa ili igongwe muhuri wa kupokelewa.

☐ Jina la atakayefuatilia na siku atakayokwenda vimeandikwa kwenye daftari la katibu.