Tangazo kwa wanachama: orodha ya taarifa zenu imeibwa, na huduma ya simu imefungwa kwa muda

Moshi, Jumatano 13 Agosti 2025

Ndugu mwanachama,

Ijumaa iliyopita, sikukuu ya Nane Nane, mtu tusiyemfahamu aliingia kwenye mfumo wa chama chetu cha akiba na mikopo na kuchukua orodha yenye taarifa za wanachama 2,316. Fedha zenu zipo, hakuna hata shilingi iliyotoka kwenye akaunti ya mwanachama. Lakini majina yenu, namba zenu za simu na salio zenu viko mikononi mwa matapeli, na wameshaanza kupiga simu.

Kama una haraka, shika hili kwanza: chama hakitakupigia kukuambia utume hela, wala hakitakuuliza namba ya siri. Anayekuuliza hivyo, hata akikutajia salio lako lote bila kukosea, kata simu.

Ilivyotokea

Alhamisi tarehe 7 Agosti mchana, ofisa mikopo wetu mmoja alipokea barua pepe inayofanana na zile tunazoletewa na kampuni inayotuhudumia mfumo. Ilimwambia kwamba neno lake la siri linaisha muda usiku huo, abonyeze linki aweke jipya. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na nembo na rangi zile zile tulizozizoea. Akaandika neno la siri la zamani, akaandika jipya, akaendelea kuhudumia foleni. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya sikukuu, na mnaoijua kaunta yetu siku kama hiyo mnaelewa. Ukurasa ule ulikuwa wa matapeli.

Kesho yake saa tatu na dakika arobaini usiku, ofisi imefungwa, mtu akaingia kwenye mfumo kwa jina la ofisa huyo. Akafungua ripoti moja ya mikopo, akaipakua, akatoka. Alikaa dakika kumi na moja.

Jina la ofisa silitaji, na naomba lisitafutwe. Alidanganywa, lakini chama ndicho kilichoacha mlango bila komeo. Mfumo wetu ulikubali neno la siri peke yake, bila kudai namba nyingine inayotumwa kwenye simu ya mhusika. Pia ulimruhusu ofisa wa dawati moja kuona wakopaji wa madawati yote matatu, jambo ambalo kazi yake haikulihitaji. Mambo yote mawili tulishashauriwa tuyarekebishe. Mimi ndiye niliyesema yasubiri bajeti ya mwakani.

Tuliyajua haya kwa msaada wa mwanachama mwenzenu anayeuza ndizi soko la Mbuyuni. Jumamosi asubuhi alipigiwa na kijana mwenye adabu: “Shikamoo mama.” Akamtaja majina yote matatu. Akamwambia mkopo wake umebaki shilingi 640,000, na ni kweli. Akawataja wadhamini wake wawili, na ndio wenyewe. Kisha: “Mama, bodi imekuongezea milioni moja na nusu, ila kuna bima ya mkopo 45,000, itume kwenye namba hii hela yako itoke leo.” Mama huyo akamjibu kwamba bima ya chama hukatwa kwenye mkopo wenyewe, haijawahi kutumwa kwa simu, akakata. Halafu akaipigia ofisi. Simu ya ofisi ililia mara nne kwenye chumba kitupu. Jumatatu saa moja asubuhi tulimkuta mlangoni, na saa tatu tulikuwa tumeshaufunga mfumo.

Simu ile ya Jumamosi ingepokelewa, huenda wanachama wengine wawili wasingepigwa. Kati ya Jumamosi na Jumapili walituma jumla ya shilingi 130,000. Bodi imekubali kuwarudishia fedha hizo kutoka chamani. Mwingine yeyote aliyetuma kabla ya tangazo hili aje na meseji ya muamala, naye atarudishiwa.

Kilichochukuliwa

Ripoti ile inawahusu wote waliokopa kuanzia Januari 2022. Ina majina matatu, namba ya simu, mtaa au kijiji, namba ya NIDA, salio la akiba na la mkopo hadi tarehe 31 Julai, majina ya wadhamini na simu zao. Kama hukukopa lakini ulimdhamini mtu, basi jina lako na simu yako vimo. Kila aliyemo tutampa barua yake mkononi au kupitia kiongozi wa kikundi chake. Mwenye haraka aje aulize kaunta.

Ambavyo havikuchukuliwa: nakala za vitambulisho, picha na hati za dhamana, kwa sababu hizo ni karatasi na ziko kabatini. Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au mtandao wowote hatunayo na hatukuwahi kuwa nayo. Namba ya siri ya huduma yetu wenyewe ya simu haimo kwenye ripoti, ila tumezifuta zote kwa tahadhari.

Kuhusu fedha, hatukuridhika na mfumo kusema salio liko sawa. Mhasibu na mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi wamepitia miamala yote ya tarehe 1 hadi 11 Agosti, mstari kwa mstari, wakilinganisha na taarifa ya benki. Imelingana. Kutoa fedha kwenye mfumo kunahitaji watu wawili, mmoja aandike na mwingine aidhinishe, na mwizi alikuwa na jina la mmoja tu.

La kufanya

Anza na namba yako ya siri ya fedha za simu. Angalia kitambulisho chako cha NIDA: tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mwenye orodha ile anajua tarehe yako ya kuzaliwa bila kukuuliza. Kama namba yako ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa (na wengi wetu ndivyo tulivyo, tusidanganyane), ibadilishe leo kabla ya kulala. Usiweke mwaka wa mtoto wala tarehe ya harusi. Weka namba isiyo na historia.

Kisha piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta laini usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waifunge. Namba ya NIDA peke yake haitoshi kusajili laini, lazima uweke kidole. Kwa hiyo jihadhari zaidi na anayekufuata dukani au nyumbani akisema anahakiki laini, mara kidole hakijasoma, weka tena, weka tena. Kila ukiweka, huenda laini nyingine inazaliwa.

Simu yako ikipoteza mtandao ghafla wakati za wenzako zinashika, usidhani ni mnara. Azima simu, piga huduma kwa wateja 100 kupitia mtandao huo huo, uulize kama kuna mtu amebadilisha laini yako.

Meseji ya kitapeli usiifute. Ipeleke namba 15040, ya kuripoti matapeli, ufuate maelekezo utakayojibiwa, halafu utuonyeshe na sisi. Msitarajie “ile hela tuma kwenye namba hii” tuliyoizoea mpaka tunaicheka. Safari hii anayeandika anakujua. Anaweza kujifanya mdhamini wako yuko KCMC anahitaji hela ya matibabu. Mpigie mdhamini huyo kwa namba uliyonayo wewe, usitumie aliyopigia mtu huyo.

Na kama umeshatuma hela, usione aibu ukakaa kimya. Piga 100 hapo hapo uombe muamala uzuiwe. Ikiwa tapeli hajaitoa kwa wakala, kuna nafasi ya kuirudisha, akishaitoa imekwenda. Baada ya hapo nenda polisi ukachukue RB, ndipo uje kwetu.

Ombi moja kwa mlio mjini: wazazi wengi walioko Kibosho, Uru na Old Moshi ni wanachama, na hawatalisoma hili. Wapigie, waeleze kwa lugha ya nyumbani. Mzee anayepigiwa na “meneja” anayejua salio lake atamwamini, kwa nini asimwamini?

Huduma wiki hii

Huduma ya simu imefungwa tangu Jumatatu na itarudi Jumatatu tarehe 18 Agosti saa mbili asubuhi. Ikirudi, utaweka namba mpya ya siri kaunta, kwa vidole vyako mwenyewe, ukiwa na kitambulisho. Hatutatuma linki ya kuiweka. Meseji yoyote yenye linki inayodai imetoka kwetu, si yetu. Kwa wafanyabiashara wa Kiborloni, tutakuwa na meza pale sokoni Jumanne na Jumatano ya wiki hiyo ili msifunge vibanda kwa ajili hii.

Ofisi iko wazi saa mbili hadi kumi jioni, na Jumamosi hii tutakaa hadi saa nane mchana. Kuweka akiba na kurejesha mkopo kunaendelea kwa stakabadhi ya mkono. Hakikisha ina muhuri na sahihi mbili, na uitunze hadi uione kwenye kitabu chako. Kutoa ni hadi shilingi 200,000 kwa siku. Mwenye dharura ya zaidi ya hapo, msiba, hospitali au ada, aje anione mimi. Maombi mapya ya mikopo yatasubiri hadi tarehe 18. Marejesho yanayodaiwa kati ya tarehe 11 na 20 Agosti hayatatozwa faini yakichelewa.

Tukio tumeliripoti Polisi, Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022. Kwa sheria hiyo unayo haki ya kujua tunahifadhi nini kukuhusu na kudai kisicho sahihi kirekebishwe. Usiporidhika na tulivyoshughulikia jambo hili unaweza kuilalamikia Tume moja kwa moja, na hatutamchukia atakayefanya hivyo.

Makusudi kabisa sijaweka namba ya simu kwenye tangazo hili, maana kesho linaweza kusambazwa likiwa na namba ya tapeli. Tumia iliyochapwa nyuma ya kitabu chako cha akiba. Kuanzia leo inapokelewa hadi saa nne usiku, pamoja na Jumapili. Taarifa ya pili mtaipata Jumanne tarehe 19 Agosti, itabandikwa mlangoni na kupelekwa kwa viongozi wa vikundi, hata kama polisi watakuwa hawajatuambia jipya.

Poleni, na samahani.

Meneja, kwa niaba ya Bodi