Mtoa usingizi wa Tabata, miaka 35: soma zamu zangu kwanza

Kazi yangu ni kuwalaza watu na kuhakikisha wanaamka. Ni muuguzi niliyerudi darasani kusomea ganzi na usingizi, na sasa nipo thieta ya hospitali ya serikali hapa Dar. Si daktari. Nalisema mapema kwa faida ya anayepiga hesabu za mshahara.

Mengine ya kunihusu ni mafupi. Naitwa Deo, Mkatoliki, nimepanga Tabata Segerea, sivuti, bia naigusa nikiwa ofu tu. Nina binti wa miaka 7 anayeishi na mama yake Morogoro. Tunaelewana vizuri kuhusu mtoto, na zaidi ya mtoto hatuna jambo. Natafuta mke, sina haraka ya kijinga, ila sitafuti mtu wa kuchati naye hadi Krismasi.

Sasa ratiba, maana ndiyo inayovunja mambo. Nafanya mchana mbili, kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 1:30 usiku, halafu naiti mbili kwa saa hizohizo zikiwa zimegeuzwa, kisha ofu nne. Ukisikia ofu nne unaweza kuona nadeka. Ngoja nizifungue. Ya kwanza ni ile ninayotoka naiti asubuhi, kwa hiyo nalala hadi alasiri na nikiamka sina maana sana. Ya mwisho ni ya onkoli: nipo nyumbani lakini simu ikiita natakiwa niwe hospitali ndani ya nusu saa. Siku hiyo sivuki kwenda Kigamboni, siendi Bagamoyo, sishiki bia, na tukiwa tunakula naweza kuondoka sahani ikiwa nusu. Zinabaki mbili za katikati. Hizo ndizo zangu, na ndizo nitakazokupa.

Mzunguko huo ni wa siku nane na wiki ina siku saba, hivyo ofu zangu zinasogea mbele siku moja kila mzunguko. Usiniambie "tuwe tunaonana Jumamosi." Jumamosi yangu huwa huru kwa majuma mawili, kisha inapotea kwa muda mrefu kabla haijarudi. Badala yake nitakupigia picha rosta ikitoka, uibandike kwenye friji, na utajua Jumanne ya wiki ya tatu nipo au sipo. Mwenzetu akiugua au akifiwa rosta hiyo inavunjika, kwa sababu watoa usingizi hatujazana kiasi cha mtu kukosekana bila pengo kuonekana. Hilo likitokea nitakwambia mara nikilijua, sitasubiri uwe umeshavaa.

Kuhusu simu, hapa naomba usome polepole. Nikiwa thieta simu ipo kabatini. Mama anayefanyiwa upasuaji wa uzazi akishachomwa ganzi ya mgongoni, presha yake inaweza kushuka ndani ya dakika chache, na mimi nipo pale kichwani pake naangalia presha, mapigo na upumuaji, huku nikimjibu maswali, maana yupo macho na anataka kujua mtoto mbona hajalia. Aliyelazwa kabisa ndiyo zaidi: siondoki hadi apumue mwenyewe na aitike jina lake. Daktari wa upasuaji akimaliza kushona anaweza kutoka, mimi bado nipo. Kwa hiyo zamu inaisha saa 1:30, lakini kama mgonjwa yupo mezani naondoka nikishamkabidhi vizuri kwa anayeingia. Hesabu saa 2:30, na mvua ikiwa imenyesha, Jangwani pamejaa maji na magari hayasogei, hesabu saa 4.

Kwa hiyo ukinipigia mara sita nisipokee, maana yake ni moja tu: kuna mtu amelala mbele yangu. Nitakujibu nikipata mwanya, na mwanya wenyewe mara nyingi huwa saa 9 usiku au saa 11 alfajiri, wodi ikishatulia. Utaamka ukute voisi ndefu ya mtu anayenong'ona. Kuna dada aliwahi kuniuliza nani huwa hewani alfajiri kama si mwenye wawili. Wenye wawili sijui wanapata wapi nguvu.

Ninachoweza kukupa ni hiki. Siku ya kuingia naiti ya kwanza, asubuhi nipo huru hadi saa 7 mchana, halafu nalala kidogo. Hiyo ni siku nzuri ya supu na chapati mahali fulani pa kukaa, kama kazi yako inaruhusu. Zile ofu mbili za katikati napika (pilau yangu ni ya kweli, waliokula watashuhudia), nafua, naenda misa hata kama ni ya katikati ya wiki, na napenda Coco Beach siku za kazi, mihogo ipo na watu hawajajaa. Mara moja kwa mwezi siku hizo mbili ni za binti yangu. Napanda treni ya umeme asubuhi hadi Moro, narudi kesho yake jioni. Hilo halina mjadala, na mwezi huo usinihesabie zaidi ya ulichobakiziwa.

Sikukuu: Krismasi huwa nabadilishana na wenzangu Waislamu, wao wapumzike Idd. Mara nyingi inakubali, si kila mwaka. Pasaka sikuahidi. Harusi za ukoo wako nitachanga, vikao sitahudhuria, na siku yenyewe nikiwa naiti nitakuja kanisani, nile haraka, niondoke kabla ya keki. Msiba ni tofauti, hapo naomba ruhusa na huwa napewa.

Posho za onkoli zinachelewa, usizipangie mahesabu. Kodi nalipa, ada ya mtoto nalipa, kiwanja nimeanza Chanika na bado ni msingi tu.

Wewe ningependa uwe na miaka 27 hadi 36, uwe na kazi au biashara yako na marafiki zako, ili jioni ninazokosekana zisikugeukie kuwa adhabu. Mwenye mtoto karibu. Muuguzi mwenzangu karibu pia, ingawa tukipishana naiti tutakuwa tunaonana mlangoni tukipokezana funguo. Kama furaha yako ni mtu wa kukupigia kila mchana saa 7 kuuliza umekula nini, wewe si mbaya hata kidogo, ila mimi siye. Na tafadhali, nikitoka naiti usiniamshe saa 4 asubuhi kuniuliza kama nimelala.

Ukiniandikia, anza kwa kuniambia unafanya kazi gani na siku zako za nafasi ni zipi. "Mambo" peke yake nitaijibu "poa" na tutaishia hapo. Wiki hii nina naiti Jumatano na Alhamisi, hivyo majibu yangu tarajia Ijumaa kuanzia saa 9 alasiri. Jumamosi na Jumapili nipo huru, na Moro ya mwezi huu nimeshaenda.