Ripoti ya CT ya Tumbo na Nyonga, Iliyopangwa Upya: Hitimisho Mbele, Kisha Viungo

Mgonjwa: mwanamume, miaka 58, mkulima kutoka Muheza. Namba ya kipimo: CT-2217.
Kipimo kilifanyika: 14 Mei 2024, saa 2:50 usiku.
Ripoti ya kwanza: siku hiyohiyo, saa 3:35 usiku.
Ripoti hii: 15 Mei 2024, saa 1:50 asubuhi.
Imeombwa na: daktari wa upasuaji wa zamu, wodi ya upasuaji wanaume.

KUHUSU MPANGILIO HUU

Daktari, uliponipigia simu saa 4:05 usiku uliniuliza jipu lina ukubwa gani na kama kuna njia ya kuingiza sindano. Majibu yote mawili yalikuwamo kwenye ripoti yangu, ila ukubwa ulikuwa mstari wa kumi na moja na njia ilikuwa mstari wa kumi na nne, ndani ya aya moja ndefu isiyo na pumziko. Niliandika jinsi ninavyosoma picha, kutoka juu kwenda chini, mapafu kwanza na kinena mwisho. Mtu anayeshika kisu hahitaji safari hiyo.

Asubuhi hii nimerudi kwenye picha zilezile na kuiandika upya. Vipimo vya jipu havijabadilika. Yaliyobadilika ni mawili, na yote yalijitokeza nilipokipa kila kiungo sehemu yake. Kwanza, ripoti ya usiku ilisema juu kwamba "figo zote mbili ni za kawaida", halafu chini ikasema mrija wa mkojo wa kulia umetanuka. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Pili, kibofu cha mkojo sikukitaja kabisa, na kina jambo. Ripoti ya kwanza inabaki kwenye mfumo kama ilivyo. Kwa matibabu, fuata hii.

HITIMISHO

1. Kidole tumbo kimepasuka na kutengeneza jipu la sentimita 4.6 × 3.8 × 5.1 (takribani mililita 45) upande wa kulia chini ya tumbo. Kuna kijiwe cha milimita 8 kwenye shina la kidole tumbo. Usaha haujasambaa tumboni. Njia ya kuunyonya kupitia ngozi ipo, kutoka mbele upande wa nje, sentimita 2.8 kutoka kwenye ngozi, bila utumbo katikati.

2. Ukuta wa mwanzo wa utumbo mpana umenenepa hadi milimita 11. Inaelekea ni mwako unaotokana na jipu, lakini kwa umri huu siwezi kuitofautisha na saratani kwa picha hizi. Kolonoskopi ifanyike mwako ukitulia, baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama mgonjwa atakuwa amepona na hana malalamiko.

3. Figo ya kulia imetanuka kidogo, kwa sababu ureta ya kulia inapita kwenye ukingo wa jipu. Mkojo upimwe leo. Homa isiposhuka baada ya usaha kutolewa, figo hii iangaliwe tena kwa altrasaundi.

4. Ukuta wa kibofu una mstari mwembamba wa chokaa, alama ya kichocho cha zamani. (Jipya, halikuwamo kwenye ripoti ya kwanza.)

5. Kinundu kigumu cha milimita 9 kwenye pafu la kulia, sehemu ya chini. Mgonjwa ni mvutaji wa sigara. Kinahitaji CT ya kifua kizima kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani au kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake. Hakihusiani na maumivu ya sasa, na ndiyo maana ni rahisi kusahaulika.

Namba 1 ilijadiliwa kwa simu usiku, saa 4:05. Namba 3, 4 na 5 nimezisema kwa simu asubuhi hii, saa 1:35, kwa daktari wa upasuaji wa zamu, naye akazirudia kwangu kwa maneno yake.

SABABU YA KIPIMO

Maumivu ya tumbo kwa siku 6, yalianzia kitovuni kisha yakahamia kulia chini. Homa 38.6, chembe nyeupe za damu 17.2. Daktari aligusa uvimbe wenye maumivu upande huo. Swali lililoandikwa kwenye fomu: "Jipu la kidole tumbo, au uvimbe wa utumbo?" Kreatinini 104. Hajawahi kupasuliwa tumbo. Hakuna picha za zamani za kulinganisha.

MATOKEO

Kidole tumbo na jipu

Kidole tumbo kinaanzia mahali pake pa kawaida, kisha kinaelekea chini na nje. Upana wake ni milimita 14 na ukuta wake umepokea kontrasti kwa nguvu katika theluthi mbili za mwanzo. Theluthi ya mwisho ukuta umekatika na ncha yake inaishia ndani ya jipu. Kijiwe cha milimita 8 kimekaa shinani, hakijatoka nje. Natilia mkazo mahali kilipo: ukiamua kutoa usaha sasa na kuacha upasuaji kwa baadaye, kijiwe kitabaki ndani na kinaweza kuuanzisha ugonjwa upya.

Jipu lina ukuta mzima unaong'aa kwa kontrasti, maji mazito katikati na vipovu vitatu vya hewa juu yake. Ni chumba kimoja. Sikuona kuta za ndani zinazoligawa. Limelalia msuli wa ndani wa mfupa wa nyonga, na kwa mbele limegusana na ukuta wa tumbo. Kwenye kimo cha ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hakuna utumbo kati ya ngozi na jipu. Mishipa ya damu ya ukuta wa tumbo inapita upande wa ndani, kwa hiyo sindano iingie kutokea nje. Picha namba 88 hadi 93 zinaonyesha njia hiyo vizuri kuliko maneno yangu.

Mafuta yanayozunguka yamechafuka hadi kwenye kinena cha kulia. Hakuna hewa huru chini ya kiwambo.

Utumbo mpana

Mwanzo wa utumbo mpana umenenepa milimita 11 kwa urefu wa sentimita 3.5, upande ule unaogusa jipu kuliko upande wa pili. Hali hiyo inaniegemeza kwenye mwako. Kinachonizuia kusema moja kwa moja ni kwamba mpaka kati ya ukuta na jipu hausomeki kwa milimita kama 15 hivi. Sehemu nyingine za utumbo mpana ni za kawaida, zimejaa choo.

Utumbo mwembamba na tumbo la chakula

Mizunguko ya utumbo mwembamba karibu na jipu imelegea, upana hadi sentimita 2.8, bila mahali palipobanwa. Ni utumbo uliozembea kwa sababu ya jirani yake. Tumbo la chakula ni la kawaida.

Ini na mishipa yake

Ini ni la ukubwa wa kawaida, halina jipu wala kinundu. Veini inayopeleka damu kwenye ini ina upana wa milimita 12, na matawi yake yote pamoja na veini ya utumbo yamejaa kontrasti vizuri. Nimeyafuata tawi kwa tawi kwa makusudi, kwa kuwa usaha wa kidole tumbo unaweza kupanda kwa njia hiyo na kugandisha damu. Haujapanda.

Kifuko cha nyongo

Kina vijiwe viwili vyenye chokaa, kikubwa milimita 7. Ukuta ni mwembamba, hakuna maji pembeni. Mrija wa nyongo milimita 5.

Kongosho na wengu

Kongosho ni la kawaida. Wengu sentimita 10.4, lina vidoa vitatu vya chokaa, makovu ya ugonjwa wa zamani uliokwisha.

Tezi za juu ya figo

Ya kulia kawaida. Ya kushoto ina kinundu cha sentimita 1.6 chenye HU 6 kabla ya kontrasti. Ni uvimbe wa mafuta usio na madhara na hauhitaji kufuatiliwa kwa picha.

Figo na ureta

Figo ya kulia: chumba cha kukusanyia mkojo kimetanuka, milimita 13. Ureta imetanuka hadi pale inapofika kwenye jipu, na chini ya hapo inarudi kuwa nyembamba. Kontrasti imeingia kwenye figo zote mbili kwa usawa, kwa hiyo kizuizi si kikali. Hakuna kijiwe.

Figo ya kushoto: uvimbe maji wa kawaida wa sentimita 2.2, HU 8. Uachwe. Ureta ya kushoto kawaida.

Kibofu cha mkojo

Upande wa nyuma na kulia kuna mstari wa chokaa ndani ya ukuta, urefu wa sentimita 2, mwembamba kama uzi. Mtu aliyekulia mashambani ukanda wa Tanga, akioga na kulima kwenye maji yaliyotuama, kichocho cha mkojo ndicho cha kwanza kufikiriwa. Ukuta haujanenepa na hakuna uvimbe unaochomoza ndani. Sehemu ya chini ya ureta haina chokaa, na ndiyo maana kutanuka kwa figo nimekuhusisha na jipu na si na kovu la kichocho. Lakini iwapo jipu litaisha na figo ibaki imetanuka, hukumu hiyo ibadilike. Mkojo wa kutafuta mayai uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Mgonjwa aulizwe kuhusu damu kwenye mkojo, kwani kichocho cha muda mrefu huweza kuzaa saratani ya kibofu.

Tezi dume

Imekua kiasi, kwa umri wake.

Utando wa tumbo, tezi za limfu na mishipa mikubwa

Maji kidogo sana nyuma ya kibofu, hayana ukuta wala hewa. Tezi za limfu karibu na mwanzo wa utumbo mpana zimevimba hadi milimita 9, mbonyeo wa kawaida, zinaendana na mwako. Aota ina chokaa kidogo, haijatanuka.

Sehemu ya chini ya mapafu

Pafu la kulia, sehemu ya chini kwa nyuma, lina kinundu kigumu cha milimita 9, kingo laini, hakina chokaa. Usiku nilikiandika hivi: "hakuna maji kwenye utando wa mapafu, kinundu kidogo kulia, moyo kawaida". Maneno matatu katikati ya habari njema. Vidoa vya wengu vinaweza kumfanya mtu aseme nacho ni kovu la TB, ila vile vina chokaa na hiki hakina. Mwongozo wa Jumuiya ya Fleischner wa 2017 unataka kinundu kinachozidi milimita 8, kikionekana kwenye picha iliyokamata sehemu tu ya kifua, kifuatwe na CT ya kifua kizima. Ikiwa kinga ya mgonjwa ni dhaifu, mwongozo huo hautumiki na tuongee. Akiwa na kikohozi, makohozi yapimwe TB bila kusubiri CT.

Mifupa na ukuta wa tumbo

Uchakavu wa pingili za kiuno. Hakuna mfupa ulioliwa. Hakuna ngiri.

NAMNA KIPIMO KILIVYOFANYIKA

Picha zilichukuliwa kabla ya kontrasti, kisha sekunde 70 baada ya mililita 90 za kontrasti kwenye mshipa. Unene wa picha milimita 5, zikatengenezwa tena kwa milimita 1.5. Mgonjwa hakunywa kontrasti. Hakuna mzio uliotokea. Alijisogeza kidogo wakati wa picha za juu ya ini, hazikuharibika kiasi cha kurudia.

Imesomwa na kusainiwa na daktari bingwa wa radiolojia wa zamu, yuleyule aliyesaini ripoti ya kwanza. Niko chumba cha altrasaundi hadi saa 8 mchana. Sindano ikiamuliwa, mgonjwa aletwe akiwa hajala na majibu ya kuganda kwa damu yawe mkononi.