YAH: Kuwasilisha hesabu na nyaraka za mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2024, pamoja na hoja zinazosubiri maamuzi

Morogoro, 27 Januari 2025

Ndugu Mkaguzi,

Rejea barua yako ya kutufahamisha kuanza kwa ukaguzi wa nje wa hesabu za Chama chetu cha Ushirika wa Akiba na Mikopo. Pamoja na barua hii nakutumia nyaraka ulizoorodhesha, isipokuwa muhtasari mmoja nilioutaja hapa chini. Nimetaja pia mambo manne ambayo hayajafungwa kwenye vitabu, kwa sababu ni afadhali uyapate kwangu mapema, yakiwa na maelezo yake, kuliko kuyakuta ukiwa katikati ya kazi.

Viambatisho

Kiambatisho 1 ni urari wa tarehe 31 Desemba 2024, na Kiambatisho 2 ni leja kuu ya mwaka mzima. Vyote viwili vimetolewa kwenye mfumo baada ya kufunga mwezi Desemba, na hakuna ingizo lililofanywa baada ya hapo. Kiambatisho 3 ni rasimu ya taarifa za fedha: hali ya fedha, mapato na matumizi, mabadiliko ya mtaji na mtiririko wa fedha. Bodi imeipitia rasimu hiyo lakini haijaiidhinisha, kwa kuwa inasubiri hoja zilizo hapa chini.

Kiambatisho 4 ni taarifa za benki za miezi kumi na miwili pamoja na usuluhishi wa benki wa kila mwezi. Taarifa ya benki ya tarehe 31 Desemba inaonyesha bakaa ya shilingi 64,218,350 na daftari letu linaonyesha shilingi 60,068,350. Tofauti ya shilingi 4,150,000 ni hundi tatu ambazo hazijawasilishwa benki, na mojawapo nimeieleza katika hoja ya tatu. Barua ya kuiruhusu benki ikuthibitishie bakaa imekwishasainiwa na watia saini wetu, na tumeiomba benki ikujibu wewe moja kwa moja bila kupitia ofisini kwetu.

Kiambatisho 5 ni orodha ya wanachama, ikionyesha hisa, akiba, amana na mkopo wa kila mmoja. Jumla zake zinalingana na leja kuu. Kiambatisho 6 ni mchanganuo wa mikopo kwa umri wa deni. Mikopo yote ni shilingi 412,735,000, na kati yake shilingi 21,640,000, zinazodaiwa wanachama 14, zimepita siku 90 bila marejesho.

Kiambatisho 7 ni daftari la mali za kudumu na hesabu ya uchakavu. Kompyuta moja haikuonekana wakati wa kuhesabu mali kwa sababu ilikuwa kwa fundi. Hati ya kuipokea kutoka kwa fundi imeambatishwa. Kiambatisho 8 ni mishahara na makato ya kisheria. Jumla ya mishahara ghafi ya watumishi wanne ni shilingi 31,200,000, michango ya NSSF kwa pande zote mbili ni shilingi 6,240,000, na mchango wa WCF ni shilingi 156,000. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi haituhusu kwa idadi hii ya watumishi. Stakabadhi za malipo za kila mwezi, zikiwemo za kodi ya mishahara, zimepangwa kwa tarehe.

Kiambatisho 9 ni mkataba wa pango la ofisi. Tulilipia miezi kumi na miwili kuanzia Oktoba 2024 kwa shilingi 6,000,000, na kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani shilingi 600,000, ilikatwa na kupelekwa TRA. Shilingi 1,500,000 zimeingia kwenye matumizi ya mwaka, na shilingi 4,500,000 zimebaki kama malipo ya awali. Kiambatisho 10 ni mihtasari ya vikao vya Bodi na vya Kamati ya Usimamizi, isipokuwa wa kikao cha Bodi cha Desemba, ambao bado unasubiri kuthibitishwa na nitautuma mara utakaposainiwa. Hati halisi za malipo, namba 1 hadi 418, ziko ofisini kwa ajili ya kuzikagua.

Hoja zinazosubiri maamuzi

Ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote. Makato ya mishahara ya wanachama ya mwezi Desemba, shilingi 38,412,600, hayakufika kwenye akaunti yetu hadi tarehe 9 Januari 2025. Kati ya hizo, shilingi 11,530,000 ni akiba na shilingi 26,882,600 ni marejesho ya mikopo na riba. Nimeyaingiza yote kwenye hesabu za 2024 na kumwonyesha mwajiri kama mdaiwa, kwa kuwa mwanachama alikwishakatwa kwenye mshahara wake wa Desemba na hati yake ya mshahara inathibitisha hivyo. Tukisubiri siku ya kupokea fedha, mikopo ya watu waliolipa itaonekana imechelewa kwa mwezi mmoja, jambo ambalo si haki kwao, na picha ya mikopo chechefu itapotoka. Hata hivyo, kiasi kilichopokelewa ni shilingi 37,986,600. Pungufu ya shilingi 426,000 inawahusu wanachama wawili waliohamishiwa wilaya nyingine, mmoja shilingi 240,000 na mwingine shilingi 186,000, na mwajiri amethibitisha kwa barua kwamba hawakukatwa. Napendekeza shilingi 426,000 ziondolewe na nyingine zibaki kama zilivyo. Naomba msimamo wako kwa maandishi, maana utaratibu utakaoukubali ndio tutakaoufuata miaka ijayo.

Ya pili inahusu mkopo wa shilingi 5,200,000 wa mwanachama aliyefariki mwezi Agosti, ambao umo ndani ya zile shilingi 21,640,000. Mkopo huo una bima, na madai yamekwishapelekwa pamoja na cheti cha kifo, lakini kampuni ya bima haijakiri kwa maandishi kwamba italipa. Sijauwekea tengo la hasara. Je, barua ya kupokelewa kwa madai inatosha, au tengo liwekwe lote hadi bima ikubali?

Ya tatu ni hundi ya shilingi 1,300,000 ya tarehe 14 Juni 2024, iliyoandikwa kwa msimamizi wa mirathi ya mwanachama mwingine. Imepita miezi sita, na benki haitaipokea tena. Familia bado inafungua akaunti ya mirathi. Napendekeza hundi ifutwe na fedha zirudishwe kwenye madeni ya Chama kwa jina la marehemu, wala zisiingie kamwe kwenye mapato. Ni jasho la mtu, na warithi wake watalifuata.

Ya nne ni shilingi 350,000 zilizoingia benki kwa njia ya simu tarehe 19 Desemba bila jina la mwanachama. Ziko kwenye akaunti ya muda. Tumeiomba benki namba ya mtumaji.

Mkutano Mkuu wa Mwaka umepangwa kufanyika Jumamosi tarehe 29 Machi 2025, na wanachama wanatakiwa kupata taarifa zilizokaguliwa kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo naomba majibu ya hoja ya kwanza na ya pili ifikapo tarehe 14 Februari, kwani hizo ndizo zinazobadilisha ziada ya mwaka au bakaa za wanachama. Hoja ya tatu na ya nne zinaweza kusubiri utakapofika ofisini. Nitakuwepo kila siku ya kazi, na mtunza kumbukumbu ameelekezwa kukupa jalada lolote utakalolihitaji.

Wako katika ushirika,

Mhasibu wa Chama

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi