YAH: CHATI ZILIZOJAA VIASHIRIA

Ndugu wanachama,

Kamati imemaliza kupitia chati mlizowasilisha kwa mapitio ya mwezi huu. Kusema kweli, nyingine tulishindwa kuiona bei. Chati moja ilikuwa na mistari mitano ya wastani na Bollinger Bands juu ya mishumaa, na chini yake RSI, Stochastic na Williams %R. Mwenye chati aliandika sababu ya kununua: "viashiria vitatu vimekubaliana."

Havikukubaliana, ndugu zangu. Vilirudia neno lilelile. Vyote vitatu vinakokotolewa kutokana na bei ileile na vinapima jambo moja, yaani kasi ya bei. Chukueni Williams %R ya vipindi 14: ni %K ya Stochastic ya vipindi 14, kabla haijalainishwa, ukitoa 100. Basi! Kuvihesabu kama ushahidi wa pande tatu ni sawa na kumpandisha shahidi mmoja kizimbani mara tatu kwa majina tofauti.

Halafu kuna kuchelewa. Wastani wa kawaida wa siku 200 huipa bei ya leo uzito sawa na bei ya siku 199 zilizotangulia. Unafaa kuonyesha mwelekeo mrefu, lakini anayeutumia kutafuta dakika ya kuingia atachoka.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mnavyovitumia mkiwa tayari na oda. Penye viashiria kumi, hakikosekani kimoja kinachosema unachotaka kusikia. Bei imevunja kiwango ulichosema utatoka, lakini MACD bado haijakata, basi unasubiri. Ikikata, unahamia kwingine. Tumeona hasara ndogo zikikua kwa njia hii, tena kwa wanachama wazoefu.

Kwa hiyo, kuanzia mapitio yajayo, chati itakayopokelewa iwe na bei na viashiria visivyozidi viwili, kila kimoja kikijibu swali lake. Wastani mmoja wa mwelekeo, pamoja na ATR ya kupimia umbali wa kukatia hasara, vinatosha kabisa. Wingi wa miamala haukokotolewi kutokana na bei, hivyo hatutauhesabu. Ila wa sarafu mkumbuke kwamba soko hilo halina ubao mmoja wa kati. Namba mnayoiona kwenye programu kwa kawaida ni idadi ya mara bei ilipobadilika kwa wakala wenu.

Anayetaka kiashiria cha tatu aandike sentensi moja: kikibadilika, nitafanya nini ambacho nisingefanya bila hicho? Sentensi isipopatikana, kiondoke.

Kila mmoja alete pia oda yake moja iliyokwisha kufungwa, kwa picha mbili: chati kama ilivyokuwa siku ile, na chati hiyohiyo ikiwa na mishumaa mitupu. Tutaanza na ya kwangu.

Wenu,
Mwenyekiti wa Klabu