Mtu wa mwisho kuugua ndui: kisa kirefu, stetasi 10

1/10
Mpishi wa hospitali alipanda gari kwa dakika chache tu. Alionyesha njia, akashuka, akaenda zake.

Kwa sababu ya safari ile fupi, watu zaidi ya 50,000 walichanjwa ndani ya wiki mbili.

Nimegawa kisa hiki vipande 10 na kesho vinafutika. Ukiruka cha 3 hutaelewa cha 9 👉

2/10
Merka, mji wa pwani kusini mwa Somalia. Tarehe 12 Oktoba 1977.

Gari linasimama hospitalini. Dereva haijui njia ya kambi wanakotengwa wagonjwa wa ndui, na ndani ya gari ana watoto wawili wanaoumwa ndui.

Ali Maow Maalin, mpishi, umri miaka 23, anasema: twende, nitakuelekeza. Anaingia.

Mmoja wa watoto wale, msichana mdogo, atafariki siku chache baadaye. Ali anarudi kazini kama kawaida, maana mfanyakazi wa hospitali si lazima amechanjwa?

Haya, pigeni kura hapa chini kabla ya kuendelea.
🔘 Amechanjwa
🔘 Hajachanjwa

3/10
Asilimia kubwa mmesema amechanjwa. Pole zenu 😅

Kinachoniuma ni hiki: Ali aliwahi kufanya kazi ya muda kama mchanjaji katika mpango huohuo wa kutokomeza ndui. Chanjo aliishika kwa mikono yake.

Yeye mwenyewe hakuchanjwa. Miaka mingi baadaye alikiri sababu, na si dini wala siasa. Aliogopa. Aliona sindano ile inauma.

Hebu weka swali hilo la maumivu kando kidogo. Kirusi kimeshaingia, na kina siku 10 za kukaa kimya.

4/10
22 Oktoba. Homa na kichwa kinagonga.

Analazwa hospitali ileile anayopika. Wanamtibu malaria.

(Kariri neno hilo, malaria. Litarudi, na likirudi utanikumbuka.)

Siku nne baadaye ngozi inatoa vipele. Sasa wanasema ni tetekuwanga, wanamruhusu aende nyumbani.

Na yule aliyewahi kuwa mchanjaji, je? Alishaanza kujishuku.

5/10
Alinyamaza.

Alijua akisema atapelekwa kambini kutengwa. Kwa hiyo alilala nyumbani na vipele vyake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa watu, marafiki walimiminika kumjulia hali. Waliingia, wakakaa, wakazungumza naye uso kwa uso.

Ndui husafiri hivyo hasa: kwa pumzi ya karibu, na kwa nguo na matandiko ya mgonjwa.

Mpaka nesi mmoja, mfanyakazi mwenzake, akaenda kutoa taarifa. Kulikuwa na zawadi kwa atakayefichua mgonjwa wa ndui. Mwite msaliti ukitaka, ila soma kwanza kinachofuata.

6/10
Hapa nitakaa kidogo, ndiyo sehemu ninayoipenda.

30 Oktoba inathibitishwa: ni ndui. Timu inaanza kuhesabu kila aliyekutana na Ali tangu augue. Wanafika watu 161. Kati yao 41 hawajachanjwa.

Hospitali inafungwa kwa wagonjwa wapya. Waliolazwa hawatoki, wafanyakazi wote wanachanjwa. Polisi wanasimama kwenye barabara na njia za miguu: unaingia mjini au unatoka, unachanjwa. Wachanjaji wanapita nyumba kwa nyumba.

Kifaa chao kilikuwa kisindano chenye ncha mbili, kama uma mdogo. Unakichovya kwenye dawa, tone linanasa katikati ya ncha, kisha unadonoa ngozi ya mkono haraka haraka mara 15. Hakihitaji umeme, na mtu wa kawaida hujifunza kukitumia kwa muda mfupi. Mimi huwa nasema kile kipande cha chuma kilifanya kazi kuliko hotuba zote.

Wale 161 wanafuatiliwa kwa wiki sita. Kila asubuhi swali ni moja: nani ameamka na homa?

7/10
Hakuna.

Hata mmoja.

Ali alipona. Aina ya ndui iliyokuwa Somalia wakati huo ilikuwa ile nafuu, isiyoua wengi. Aina kali, ambayo iliua takriban watu 3 kati ya kila 10, ilikuwa imeonekana mara ya mwisho Bangladesh mwaka 1975.

Halafu wataalamu wakafanya jambo gumu kuliko kuchanja. Wakasubiri.

8/10
Walisubiri na kupekua, mwezi baada ya mwezi. Kila tetesi ya vipele ilifuatwa, na kila mara ikawa tetekuwanga au kitu kingine.

(Kabla hamjavamia inboksi yangu: ndiyo, 1978 mpiga picha wa chuo kikuu huko Birmingham, Uingereza, aliugua na kufariki. Kirusi kile kilihusishwa na maabara iliyokuwa kwenye jengo alimofanyia kazi. Kwa njia ya kawaida, mtu kwa mtu, Ali ndiye wa mwisho.)

8 Mei 1980, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukatangaza: ndui imetokomezwa. Ugonjwa uliokadiriwa kuua watu milioni 300 katika karne ya 20 pekee ulikuwa umekwisha.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapa. Wanamwacha Ali kitandani, kama vile hakuishi miaka 36 mingine.

9/10
Unakumbuka stetasi ya 3? Kijana aliyeogopa sindano?

Somalia ilipoanza kupambana na polio, Ali alijitolea. Alitembea kijiji kwa kijiji, na alipokutana na mzazi anayekataa chanjo hakumtisha. Alimsimulia habari zake: mimi ndiye mtu wa mwisho kuugua ndui, niliikwepa chanjo, nisingependa mwanao apitie niliyopitia. Nadhani mzazi yule hakuwahi kukutana na hoja yenye uso na mikono namna ile.

Alisema Somalia ilikuwa nchi ya mwisho kuwa na ndui, na alitaka isiwe ya mwisho kuwa na polio.

Polio ikaondoka. Mwaka 2013 ikarejea. Ali, akiwa karibu miaka 60, akarudi tena barabarani.

Sasa lile neno nililokuambia ukariri.

10/10
Julai 2013, katikati ya kampeni ya polio, Ali akashikwa na homa.

Mwaka 1977 walimtibu malaria, kumbe ni ndui.

Safari hii ilikuwa malaria kweli. Alifariki tarehe 22 Julai, Merka.